RAW au JPEG kwa anayeanza? Nimepiga harusi hapa Kigoma, kadi imejaa kabla ya zawadi na picha nyingi za njano

Kijana wa Gungu
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Kigoma mjini, nina Canon 1300D ya mtumba na lenzi yake ileile ya 18-55, kadi moja ya GB 16. Nimeanza kupiga picha mwaka huu, ubatizo, bethidei, vitu vidogovidogo. Juzi Jumamosi nikapata harusi yangu ya kwanza, mchana kanisani, baadaye nje Ujiji kwenye miembe, usiku ukumbini mtaa wa Mwanga. Kaka mmoja wa studio aliniambia mtu serious hapigi JPEG, weka RAW, lile faili bichi la kamera, basi nikaweka RAW+L ili nipate zote mbili, RAW na JPEG kubwa.

Sasa kilichotokea, kwanza kadi ilijaa kabla hata zawadi hazijaanza, nikawa nimesimama pale mbele ya watu nafuta picha moja moja huku MC anaita ukoo wa bwana harusi. Pili picha za ukumbini karibu zote ni za njano, bi harusi gauni lake jeupe linaonekana kama limechovywa kwenye chai. Tatu hizo RAW nimezifungua kwenye laptopu zinatoka zimepauka, mbaya kuliko JPEG. Nimejaribu kumtumia bi harusi moja kwa Wasap akaniambia haifunguki.

Swali langu, hii RAW inamsaidia nini mtu kama mimi? Au nirudi JPEG tu nipige kazi?

Lumumba Rodi
Kaka usirudi JPEG hata kidogo. RAW ndiyo picha yenyewe, JPEG ni kivuli. JPEG kila ukiifungua inapungua ubora, ukiangalia mara mia imekwisha. RAW hata ukikosea namna gani unaiokoa, giza unaokoa, njano unaokoa, hata ikitikisika kidogo unaikaza. Nunua kadi ya GB 64 maisha yaendelee.

Bi Dagaa
Samahani naomba niulize hapahapa maana naona linanihusu. Mimi nauza dagaa, wa Kibirizi, nawaanika halafu nawapiga picha kwa simu naweka kwenye magrupu ya wateja wa Dar na Dodoma. Dagaa wangu ni weupe wanang'aa lakini kwenye picha wanatoka wa kijivu kama wa mwaka jana, wateja wanasema mama hawa si wapya. Mwanangu amenionyesha kwenye simu kuna sehemu ya Pro ina RAW, nikawasha, picha ikawa mbaya zaidi, ina chengachenga. Nifanyeje?

Fundi wa Ujiji
Kijana marahaba. Nimepiga harusi Kigoma hii miaka mingi kidogo, nimeanza na filamu, kwa hiyo nivumilieni nitaandika kirefu.

Lumumba Rodi umesema kweli nusu. JPEG haipungui kwa kuifungua, hata uiangalie mpaka kesho. Inapungua ukiifungua ukaiediti ukaisevu upya, kisha ukairudia tena ileile, ndiyo kila mara inabanwa upya. Na picha iliyotikisika au fokasi imekaa kwenye pazia badala ya uso, RAW haina dawa hiyo. Mwanga uliingia umeyumba, umeshaandikwa umeyumba.

Kijana, kabla sijasema lolote naomba uniwekee picha tatu, kila moja na RAW yake na JPEG yake. Moja ya njano ya ukumbini, moja ya nje Ujiji, na moja ya kukata keki. Wewe una bahati, kwa kuwa ulipiga zote mbili kwa pamoja jibu lako liko kwenye kadi yako mwenyewe.

Bi Dagaa, tatizo lako si RAW mama. Kamera yoyote, ya simu au kubwa, ukiijazia kitu cheupe fremu nzima inadhani mwanga umezidi, inaupunguza mpaka weupe unakuwa kijivu. Gusa dagaa kwenye kioo cha simu, kitatokea kialama cha jua, kipandishe juu kidogo mpaka uone weupe umerudi, ndipo upige. Ile chengachenga ni kwa sababu simu ikipiga kawaida mara nyingi inapiga picha kadhaa harakaharaka na kuzichanganya kuwa moja safi, ukiwasha RAW kwenye simu nyingi unapewa moja tu mbichi kutoka kwenye sensa ndogo sana. Na dagaa hawaondoki, ukikosea unapiga tena. Baki na JPEG.

Bi Dagaa
Asante sana mwanangu, ngoja kesho jua likitoka nijaribu.

Kijana wa Gungu
Nimeziweka kwenye folda, linki nimekutumia inboksi mkuu. Ya namba ya chini ndiyo ya Ujiji, `IMG_0412.CR2` ndiyo RAW ya ukumbini, iliyobaki ya keki.

Pasipoti Dakika Tano
Mimi nina kibanda cha picha za pasipoti, sijawahi kupiga RAW na sitapiga. Taa zangu mbili ziko palepale, kitambaa cha bluu palepale, mteja anakaa palepale. Asubuhi napiga karatasi nyeupe imejaa katikati ya fremu, naingia kwenye menyu naichagua kwenye Custom White Balance, yaani naiambia kamera nyeupe ndiyo hii, kisha naweka WB kwenye alama ya Custom, basi mpaka jioni rangi haibadiliki. Mteja anasubiri nje dakika tano, nikianza kukonvati RAW kwenye hii kompyuta yangu anaenda kwa jirani.

Fundi wa Ujiji
Pasipoti uko sahihi kabisa, na kazi yako ndiyo mfano mzuri wa mahali ambapo RAW haina kazi. Mwanga unaujua kabla hujapiga.

Haya Kijana, nimekaa na picha zako jana usiku.

Ya ukumbini. Nimeangalia taarifa za picha, WB yako ilikuwa kwenye alama ya wingu. Nadhani uliiweka ulipotoka kanisani ukasahau kuitoa. Ile ya wingu ni kama K 6000 kwenye kipimo cha rangi ya mwanga, maana yake unaiambia kamera mwanga huu una ubluu, ongeza ujoto. Halafu ukaingia ukumbini kwenye balbu za njano ambazo zenyewe ni kama K 3000 na kitu, kamera ikaongeza ujoto juu ya ujoto. Ndiyo chai yako hiyo.

Nikafungua RAW kwenye Digital Photo Professional, softiwea ya Canon, nikaenda kwenye Color temperature nikaishusha mpaka 3100. Gauni likawa jeupe. Sikugusa kitu kingine, ngozi ya bi harusi ikarudi ya kwake, ile kahawia nzuri yenye wekundu kidogo, na dhahabu ya hereni ikabaki dhahabu. Kwenye RAW ile WB inaandikwa pembeni tu kama karatasi ya maelezo, haijapikwa ndani ya picha, kwa hiyo ukiibadilisha baadaye ni sawa na ungeiweka sawa palepale ukumbini.

Nikachukua JPEG ya dakika ileile nikajaribu kuitoa njano. Gauni nililiweza, likawa jeupe la kukaribia. Lakini angalia chini ya kidevu na pembeni ya pua, ngozi imekuwa ya kijivu kijivu ina mabaka, kama mtu ametoka kuumwa malaria. Nikiitoa njano usoni gauni linakuwa bluu, nikilirudisha gauni uso unaharibika. Nimehangaika karibu nusu saa nikaacha. Sababu ni kwamba JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na picha ikishapikwa njano namna ile rangi ya bluu kwenye kivuli cha uso imebanwa ikabaki kwenye ngazi chache za chini kabisa. Ukitaka kuivuta irudi hakuna cha kuvuta, inapasuka. RAW ya kamera yako ina biti 14, ni ngazi zaidi ya elfu 16, bluu yako bado ilikuwepo imelala.

Hapo RAW imekulipa. Picha za ukumbini zote za balbu zile unaweza kuzirekebisha kwa mpigo, unarekebisha moja, unakopi marekebisho, unabandika kwa nyingine zote za mwanga uleule.

Ya Ujiji sasa. Umewasimamisha chini ya mwembe saa saba mchana, jua linapenya kwenye majani linadondoka vipande vipande. Bwana harusi suti nyeusi, wasimamizi nguo za giza, kamera ikaona weusi mwingi ikafungua mwanga, vipande vya jua kwenye gauni vikaungua. Kwenye JPEG bega la kushoto ni nyeupe tupu na kifua ni nyeupe tupu. Kwenye RAW nikashusha Brightness adjustment mpaka -1, lile bega likarudi, unaona maua ya lesi na uzi wa mshono. Kifua hakikurudi. Nikashusha zaidi kikawa kijivu cha saruji, hakina uzi wala ua, kwa sababu pale rangi zote tatu zilikuwa zimejaa mpaka mdomoni. RAW inakupa nafasi kidogo juu ya ile JPEG, kwenye kamera yako mimi nahesabu kama stopu moja, yaani mwanga mara mbili, na pengine isifike, ikishapita hapo hakuna kitu.

Ya keki ndiyo imenisikitisha. Zile taa za zambarau za jukwaani. Nimevuta huku na huku, RAW na JPEG zote uso ni kinyago cha zambarau hakina pua. Taa zile za LED zinatoa bluu na nyekundu basi, kijani hamna karibu kabisa. Kamera haiwezi kuandika kilichokuwa hakipo. Pale dawa ilikuwa flashi, hata ile ya kamera yenyewe ingekuwa nafuu, au kumwomba mtu wa taa aweke nyeupe dakika tano wakati wa keki. Mimi huwa naenda kuongea naye kabla shughuli haijaanza, namnunulia soda, anakubali.

Lumumba Rodi
Sawa fundi nimekubali la kutikisika. Ila bado nasema aanze na RAW tangu siku ya kwanza, maana akizoea JPEG atakuwa mvivu wa kujifunza kuediti.

Mama Mapacha Kasulu
Mimi ningependa kupinga hapo. Nilianza RAW tangu wiki ya kwanza kwa ushauri kama huo wako na ulinichelewesha. Nilikuwa napiga ovyo nikijua nitarekebisha nyumbani, WB sijui, mwanga sijui. Nikawa na picha elfu tatu za RAW kwenye laptopu ya RAM GB 4, kila moja inafunguka kwa kujivuta, wateja wananipigia simu wiki tatu picha ziko wapi. Nilipoamua kupiga JPEG peke yake miezi miwili ndipo nikajifunza kuangalia kioo baada ya kila pozi, maana nilijua hakuna kuokoa. Sasa napiga RAW kwenye shughuli tu.

Fundi wa Ujiji
Mama Mapacha nakuelewa na mimi niko karibu na wewe kuliko Lumumba, ingawa filamu ndiyo ilinifundisha hilo, sijui kama JPEG ingenifundisha vilevile.

Ninavyomwambia anayeanza ni hivi, ajiulize mambo mawili kabla ya kubonyeza. Picha hii ikiharibika naweza kuirudia? Na huu mwanga naujua? Bethidei ya jirani mchana uani, mtoto yupo, unaweza kumwita tena, mwanga ni mmoja, piga JPEG ulale. Ukumbi wa usiku, pete inavalishwa mara moja, balbu za njano huku na mwanga wa dirishani kule na kamera ya video ina taa yake nyeupe, weka RAW. Na hata ukumbini si lazima RAW usiku kucha. Watu wakiwa kwenye foleni ya chakula weka JPEG, kadi yako itakushukuru.

Hesabu ya kadi yako iko hivi. RAW moja ya 1300D ni kama MB 24, JPEG kubwa ni kama MB 6. GB 16 kwa RAW+L zinaingia picha mia nne na kitu, ndiyo maana zawadi zilikukimbia. RAW peke yake karibu mia sita. JPEG peke yake zaidi ya elfu mbili. Ungekuwa na kadi mbili za GB 32 usingefuta kitu mbele za watu. Na usifute kwenye kamera wakati wa shughuli, mkono ukitetemeka unafuta ya pete.

Kingine, RAW kwenye kamera hii ukibonyeza mfululizo inapiga kama sita halafu inasimama kupumua mpaka iandike kwenye kadi. Wakati wa kurusha maua au bi harusi anaingia na ngoma usiikandamize kama bunduki, utabaki na kamera iliyoganda na bi harusi ameshakaa.

Kijana wa Gungu
Mkuu nashukuru mno, kweli niliacha kwenye wingu, sikujua kabisa kama inabaki hapo. Naomba nielewe mbili. Kwa nini RAW ikifunguka inapauka? Na kama RAW inaokoa kivuli, si bora nipige giza makusudi ili gauni lisiungue halafu nipandishe nyumbani?

Fundi wa Ujiji
Kupauka ni kwa sababu JPEG kamera imeshaipikia, imeongeza kontrasti, imekoleza rangi, imenoa. RAW softiwea nyingine zinakupa mbichi bila viungo, unatia mwenyewe. Ile Digital Photo Professional ya Canon inasoma Picture Style, yaani mtindo wa rangi na kontrasti, uliyokuwa umeweka kwenye kamera, kwa hiyo inafunguka ikifanana na JPEG yako, unaanzia hapo. Ni ya bure kwenye tovuti ya Canon, wakati mwingine wanaomba serial namba iliyo chini ya kamera. Kama laptopu yako ni ya zamani sana angalia kwanza Windows yako iwe ya biti 64. Ukimaliza unakwenda Convert and save inakutolea JPEG, hiyo ndiyo unamtumia mteja. CR2 kwa simu ya mteja ni mahindi mabichi.

La kupiga giza makusudi, kidogo ndiyo, sana hapana. Shikilia kile kitufe cha Av+/- zungusha gurudumu mpaka alama isome theluthi mbili chini ya sifuri, hiyo inatosha kwa gauni jeupe na suti nyeusi juani. Ukishusha stopu mbili tatu ukaja kupandisha nyumbani, kwenye sensa ya umri huu suti nyeusi itatoka na noizi ya rangi na mistari mistari, na ngozi zetu nyeusi ndizo zinaumia kwanza kwa sababu ziko upande wa kivuli. Nimeshaharibu kwaya nzima kwa njia hiyo.

Pasipoti Dakika Tano
Na zile sehemu zinazowaka waka nyeusi kwenye kioo baada ya kupiga? Mimi nikiziona tu napunguza mwanga.

Fundi wa Ujiji
Zinasaidia, ila zinasomwa kutoka kwenye JPEG ndogo iliyomo ndani, hata kama umeweka RAW. Zikiwaka kidogo kwenye ukingo wa gauni RAW bado inaweza kuwa nazo. Zikiwaka kifua kizima, punguza upige tena palepale. Zikiwaka kwenye paji la uso la mtu mimi sisubiri, napunguza.

Mama Mapacha Kasulu
Fundi hapo kwenye theluthi mbili chini mimi nabisha. Kwenye kamera yangu mpya kidogo nashusha stopu moja na nusu kila harusi na sijaona mistari.

Fundi wa Ujiji
Kamera yako na yake si moja. Ajaribu nyumbani, suti nyeusi aitundike mlangoni juani, apige kwa sifuri, kwa -1, kwa -2, azipandishe zote sawa aone yake inavunjika wapi. Hilo hata mimi siwezi kumjibia.

Bi Dagaa
Nimepiga leo asubuhi, nimepandisha kile kijua kidogo. Dagaa wametoka weupe kama walivyo. Mteja wa Dodoma ameagiza magunia mawili. Mungu akubariki mwanangu.

Kijana wa Gungu
Hongera mama.

Mrejesho wakuu. Nimeshusha ile softiwea, picha za ukumbini 138 za njano nimerekebisha moja, nikakopi, nikabandika. Nyingi zimekaa. Kama 20 hivi za karibu na jukwaa hazikukubali, bado zina zambarau upande mmoja wa uso na njano upande wa pili, nikisawazisha huku kunaharibika kule. Hizo nimeona nizifanye nyeusi na nyeupe, sijui kama bi harusi atakubali. Nimetundika koti la baba mlangoni kama fundi alivyosema, yangu kwa -1 bado safi, kwa -2 mfukoni kumetokea vidoti vya kijani na vyekundu.

Jumamosi hii nina kipaimara, asubuhi, nje ya kanisa na ndani. Ndani kuna madirisha makubwa na taa ndefu nyeupe za dari. Nimepanga RAW wakati askofu anapaka mafuta tu, kwingine JPEG. Kadi ya pili nimekopa kwa rafiki.

Fundi wa Ujiji
Ukiingia kanisani angalia WB kabla ya kitu chochote. Na za nyeusi na nyeupe mtumie bi harusi tatu kwanza aone, usimpe zote kwa mpigo.